Kufuatilia Matumizi ya Kila Siku Wakati wa Kupiga Filamu: Ripoti ya Gharama na Masurufu, Hatua kwa Hatua

Jioni ya siku ya tano ya kupiga picha, mzalishaji humwuliza mhasibu swali lile lile la kila siku: "Tumebakiwa na kiasi gani?" Mhasibu anayejibu kwa kusoma salio la benki anatoa jibu lililo sahihi kwa benki lakini lisilo sahihi kwa filamu. Salio halijui kwamba seremala aliyejenga chumba cha seti bado anadai zaidi ya nusu ya fedha zake, wala halijui kwamba jana mafundi walifanya kazi hadi usiku na madai yao ya muda wa ziada hayajaletwa. Halijui pia kwamba fedha taslimu alizopewa mnunuzi wa idara ya sanaa zimegeuka kuwa risiti zilizokunjwa ndani ya mfuko wa suruali yake.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutunza kumbukumbu mbili ambazo kwa pamoja humwezesha mhasibu kulijibu swali hilo kila asubuhi: ripoti ya gharama na kumbukumbu za masurufu, yaani fedha taslimu zinazokabidhiwa idara kwa manunuzi madogo. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wa filamu inayopigwa kwa siku 12, yenye kikosi cha watu 26 na bajeti ya 99,000, ambamo 9,000 ni fungu la dharura. Sitataja sarafu, kwa kuwa hesabu ni ile ile kwa sarafu yoyote. Tutakuwa kwenye siku ya 5, na macho yetu yatakuwa hasa kwenye idara ya sanaa, kwa sababu ndiyo idara inayonunua vitu vingi vidogo kwa haraka na ndiko hesabu hupotea mapema.

Kabla ya siku ya kwanza: kufunga bajeti na kutoa namba za vifungu

Bajeti iliyoidhinishwa hufungwa. Maana yake ni kwamba safu ya bajeti ndani ya ripoti haitaguswa tena hadi filamu iishe, hata kama kifungu kimoja kimezidi na kingine kimebaki na akiba. Wapo wahasibu wanaohamisha fedha kutoka kifungu hiki kwenda kile ili kila mstari uonekane uko sawa, na kwa kufanya hivyo wanafuta ushahidi wa mahali ambapo mpango ulikosea. Acha kifungu kilichozidi kionekane kimezidi. Ulinganisho utafanyika mwishoni mwa ukurasa, kwenye jumla.

Kila kifungu kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kila karatasi inayohusu fedha, iwe oda ya ununuzi, ankara, hati ya malipo au risiti ya masurufu. Wape wakuu wa idara orodha ya namba zao kwenye karatasi moja. Mnunuzi akiweza kuandika namba ya kifungu kwenye risiti akiwa bado amesimama dukani, umepunguza nusu ya kazi yako ya usiku.

Ripoti yenyewe inahitaji safu saba tu. Safu A ni jina la kifungu, B ni bajeti iliyofungwa, C ni gharama zilizokwisha kutokea, D ni ahadi za malipo, E ni makadirio ya kumalizia kazi iliyobaki, F ni gharama ya mwisho inayotarajiwa, na G ni tofauti kati ya bajeti na gharama hiyo ya mwisho. Mbili za mwisho hujihesabu zenyewe:

```
F5: =C5+D5+E5
G5: =B5-F5
```

Safu ya G ikiwa hasi, kifungu kimezidi. Safu inayostahili kutazamwa kwanza kila asubuhi ni F, wala si C, kwa sababu fedha zilizokwisha kutumika hazirudi, ilhali gharama ya mwisho bado inaweza kubadilishwa kwa uamuzi wa leo.

Nieleze kidogo safu ya D, kwani ndiyo inayosahaulika. Ahadi ya malipo huanza pale mtu mwenye mamlaka anapokubaliana na muuzaji, si pale ankara inapofika. Seremala akipewa oda ya 10,000 na kulipwa 4,000 za kuanzia, gharama iliyotokea ni 4,000 na ahadi ni 6,000, kuanzia siku ile ile oda iliposainiwa. Kwa hiyo hakuna oda itakayotoka bila nakala yake kumfikia mhasibu siku hiyo hiyo. Makubaliano ya mdomo, ambayo ni ya kawaida sana katika kazi hii, nayo huandikiwa oda jioni, hata kama kazi imekwisha kuanza.

Masurufu: kumkabidhi mtu fedha si kutumia

Katika filamu ya kwanza niliyoifanyia uhasibu, niliandika masurufu yote kuwa gharama siku nilipoyatoa. Ilionekana ni uangalifu, kwa sababu fedha zilikuwa zimetoka mkononi mwangu. Kufikia katikati ya kazi sikuweza tena kusema idara ya sanaa imetumia kiasi gani kwa mapazia na kiasi gani kwa rangi, na risiti zilipokuja niliziingiza tena, hivyo baadhi ya gharama zikahesabiwa mara mbili. Tulikata mandhari moja tuliyokuwa na uwezo wa kuipiga. Jambo hilo bado linaniuma, na ndiyo maana ninaisisitiza kanuni hii kuliko nyingine yoyote: masurufu yaliyo mikononi mwa mtu ni deni lake kwa filamu, na yanageuka kuwa gharama pale tu risiti zinaporejeshwa, kukaguliwa na kupewa namba za vifungu.

Utaratibu ninaoutumia ni wa kiasi kisichobadilika. Mnunuzi wa idara ya sanaa anakabidhiwa 1,500 na kusaini kwamba amezipokea. Anapotumia, anarejesha risiti, nami namlipa kiasi kile kile cha risiti zilizokubaliwa, ili mkononi mwake arudi kuwa na 1,500. Faida ya utaratibu huu ni kwamba wakati wowote, bila kufungua kompyuta, unaweza kumkagua kwa sentensi moja: fedha taslimu alizonazo, ukijumlisha na risiti ambazo hajazirejesha, lazima zifike 1,500. Zisipofika, kuna jambo la kutafuta.

Kila mwenye masurufu apewe bahasha ngumu na karatasi ya orodha. Kwenye orodha anaandika namba ya mfululizo, tarehe, muuzaji, kitu kilichonunuliwa, kilinunuliwa kwa ajili ya mandhari gani, namba ya kifungu na kiasi. Namba ya mfululizo iandikwe pia juu ya risiti yenyewe. Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto ambayo maandishi yake hufifia, hasa ikikaa garini juani, kwa hiyo zipigwe picha siku hiyo hiyo na kubandikwa kwenye karatasi nyeupe, risiti moja moja, bila kupandana na bila gundi kupita juu ya maandishi.

Weka pia kikomo. Katika mfano wetu, manunuzi yoyote yanayozidi 200 hayaruhusiwi kulipwa kwa masurufu bila idhini ya meneja uzalishaji, na mishahara au posho za mafundi hazipiti humo kabisa. Ukiruhusu masurufu yalipe kila kitu, yatageuka kuwa benki ya pili isiyo na taarifa.

Jioni ya siku ya 5: kufunga bahasha

Mara picha ya mwisho ikipigwa, kabla vifaa havijapakiwa, namwomba mnunuzi aje na bahasha yake. Tunahesabu pamoja, fedha kwanza na risiti baadaye, kwa sababu fedha zikihesabiwa mwisho mkono hutafuta kufikia jumla inayotakiwa. Jioni hii ana taslimu 410. Risiti zake, nikizijumlisha upya bila kutegemea jumla aliyoandika yeye, ni 1,010. Jumla ni 1,420. Zimepungua 80.

Kupungua kwa 80 si wizi hadi ithibitike hivyo, na si jambo dogo pia. Ninachofanya ni kumrudisha nyuma kwenye safari yake ya siku, mahali kwa mahali, nikiwa na orodha mkononi. Asubuhi alikwenda kuchukua viti. Gari liliegeshwa wapi? Hapo anakumbuka: tiketi ya maegesho ya 30 imebaki kwenye dashibodi. Viti vilipandishwaje hadi ghorofa ya tatu?

"Dada, kulikuwa na vijana wawili wa kubeba. Niliwapa hamsini. Hawana risiti hao."

Tiketi inaletwa na kuingia kwenye orodha. Kwa wabebaji tunajaza fomu ya matumizi yasiyo na risiti, inayotaja tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi na sababu ya kukosekana kwa risiti, kisha inasainiwa na mnunuzi pamoja na mkuu wa idara yake. Fomu hii ni ya malipo madogo ambayo kwa kweli hayawezi kupata risiti. Ikianza kutumika kila siku na mtu yule yule, au kwa kitu kilichonunuliwa kwenye duka lenye mashine ya risiti, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Sasa hesabu imekamilika: taslimu 410 na hati za 1,090 zinafanya 1,500.

Iwapo upungufu usingepatikana, ningeuandika wazi kama upungufu, kwa jina la mwenye masurufu, na kumwachia meneja uzalishaji aamue kama utakatwa au utasamehewa. Kitu kisichokubalika ni kuufukia ndani ya risiti nyingine.

Kazi inayofuata ni kupeleka kila hati kwenye kifungu chake, na hapa fedha hufuata matumizi, hazimfuati mtu. Ndani ya 1,090 hizo kuna mafuta ya gari ya 60 na ile tiketi ya maegesho ya 30. Hizo 90 zinakwenda kifungu cha usafiri, ingawa aliyezilipa ni mnunuzi wa sanaa. Idara ya sanaa inabaki na 1,000.

Usiku huo huo: gharama za siku

Masurufu yanaeleza manunuzi, lakini gharama kubwa ya kuchelewa haiko kwenye bahasha ya mtu yeyote. Inapatikana kwenye ripoti ya siku ya uzalishaji, ile inayotunzwa na msaidizi wa mwongozaji na ambayo huonyesha saa ya kuripoti kazini, saa ya chakula, saa ya kumaliza na idadi ya watu waliokula. Hesabu ya gharama za siku hufanywa kutokana na saa hizo kabla ya madai yoyote kuletwa, kwa makadirio, nayo hulinganishwa na kilichopangwa kwa siku hiyo moja tu. Haitakiwi iwe kamilifu. Inatakiwa iwe mezani kwa mzalishaji kesho asubuhi, wakati bado kuna jambo analoweza kufanya.

Siku ya 5 ilipangwa kuanza saa 12 asubuhi na kumalizika saa 12 jioni, pamoja na saa moja ya chakula isiyolipwa, hivyo saa za malipo ni 11. Kazi ilimalizika saa 2:30 usiku. Wapo mafundi 18 ambao mikataba yao inalipa muda wa ziada. Tuseme kila mmoja analipwa 110 kwa siku, yaani 10 kwa saa, na mkataba unalipa mara moja na nusu kwa saa ya ziada, ambayo ni 15. Saa mbili na nusu ni 37.50 kwa kila fundi, na kwa mafundi 18 ni 675. Bajeti ya muda wa ziada ni 3,600 kwa siku 12, sawa na 300 kwa siku, hivyo siku hii imezidi kwa 375.

Kuchelewa huko kulileta na mambo mengine. Chakula cha pili kiliagizwa kwa watu 26 kwa 6 kila mmoja, ambacho hakikuwa kwenye mpango wa siku hiyo: 156. Mwenye nyumba tuliyokuwa tukipigia picha hutoza 80 kwa kila saa inayoanza baada ya muda wa mkataba, kwa hiyo saa mbili na nusu zinahesabiwa tatu: 240. Jumla ya kuchelewa ni 771 zaidi ya mpango. Namwandikia mzalishaji namba hiyo moja pamoja na chanzo chake kama kilivyo kwenye ripoti ya siku, mathalani kwamba taa za mandhari ya jikoni zilichukua saa tatu badala ya moja. Nikimtumia ukurasa wa namba arobaini, hatausoma kabla ya kifungua kinywa.

Soma mkataba wa kila kundi kabla ya kuhesabu. Kiwango cha muda wa ziada, namna ya kukadiria dakika zisizofika saa kamili, na fidia ya mapumziko mafupi kati ya siku mbili hutofautiana kwa mkataba na kwa sheria ya kazi ya mahali ulipo, na kosa dogo hapo huzidishwa kwa idadi ya mafundi na kwa idadi ya siku.

Asubuhi ya siku ya 6: kuijaza ripoti ya gharama

Sasa turudi kwenye mstari wa idara ya sanaa, wenye bajeti ya 24,000. Malipo yaliyopita benki hadi jana ni 9,400, na risiti za masurufu zilizorejeshwa siku zilizotangulia ni 2,150. Nikiongeza 1,000 za jana, safu ya C inasoma 12,550. Ahadi ni mbili: 6,000 za seremala na 2,400 za kukodi samani hadi siku ya mwisho, jumla 8,400.

Safu ya E ndiyo ngumu, na ndiyo inayotofautisha ripoti ya kweli na ripoti ya mapambo. Njia rahisi, na iliyo mbovu, ni kuchukua bajeti, kutoa kilichotumika pamoja na ahadi, na kuandika kilichobaki kuwa ndiyo makadirio. Ukifanya hivyo, safu ya tofauti itasoma sifuri kila siku hadi siku ambayo fedha zinakwisha, kwa sababu umeiambia ripoti kwamba kazi iliyobaki itagharimu hasa kiasi kilichobaki. Ripoti ambayo vifungu vyake vingi vina sifuri kamili kwenye tofauti, katikati ya kazi, karibu kila mara imejazwa namna hii. Ukiipokea ripoti kama hiyo, irudishe.

Makadirio ya kumalizia hutoka kwa mkuu wa idara, mandhari kwa mandhari. Ninakaa naye kwa dakika kumi tukiwa na ratiba ya siku zilizobaki, nami namwuliza juu ya kila siku: ni kitu gani ambacho hakijanunuliwa wala kuandikiwa oda? Anajibu kwamba wodi ya hospitali ya siku ya 9 inahitaji vitu vya 2,200. Vifaa vya kutumika na kuisha, kama gundi, kanda na rangi, ni 150 kwa siku kwa siku 7, yaani 1,050. Mwisho, nyumba tuliyoipaka rangi lazima irudishwe katika hali yake, 700. Jumla ni 3,950. Lile la kurudisha nyumba katika hali yake huwa halitajwi na mtu usipouliza, kwa sababu hufanyika baada ya kamera kuondoka.

Hesabu inakuwa 12,550 na 8,400 na 3,950, sawa na 24,900. Idara inaelekea kuzidi kwa 900. Angalia tofauti na picha ya mtu anayetazama malipo peke yake: yeye angeona 12,550 kati ya 24,000 na kudhani bado kuna zaidi ya 11,000 za kuchezea.

Kabla ya kuituma namba hiyo kwa mtu yeyote, kuna ukaguzi mmoja ambao siuruki kamwe. Ninazipitia risiti za masurufu nikizilinganisha na orodha ya oda zilizo wazi, jina la muuzaji kwa jina la muuzaji. Katika risiti za jana nakuta moja ya 300 kutoka kwa yule yule anayetukodisha samani. Nampigia mnunuzi simu, naye anaeleza kwamba mwenye samani alikataa kutoa viti bila kulipwa kidogo, hivyo akamlipa 300 taslimu, kiasi ambacho kilihitaji idhini na ambacho ni sehemu ya kodi ile ile ya 2,400. Fedha hiyo sasa iko mara mbili ndani ya ripoti: mara moja kama gharama na mara moja ndani ya ahadi. Ahadi ya samani inashuka hadi 2,100, jumla ya ahadi inakuwa 8,100, na gharama ya mwisho inakuwa 24,600. Idara imezidi kwa 600. Kosa la aina hii huonekana kwa dalili mbili: ahadi ambayo haipungui ingawa muuzaji amenyamaza, au ankara ya mwisho inayofika ikiwa ndogo kuliko oda.

Naandika kando ya mstari huo sababu ya 600 kwa maneno machache, kisha naongea na mnunuzi na meneja kuhusu kikomo cha 200, kwa utulivu, siku hiyo hiyo.

Kifungu cha muda wa ziada kinahitaji fikra ya namna nyingine. Hadi siku ya 4 kilikuwa kimetumia 980, na baada ya jana ni 1,655. Ningeweza kukadiria siku 7 zilizobaki kwa 300 kila moja, lakini ratiba inaonyesha kwamba siku ya 8 na ya 9 ni za usiku, na kupanga taa nje usiku huchukua muda mrefu zaidi. Baada ya kuzungumza na msaidizi wa mwongozaji naweka 500 kwa kila moja ya siku hizo mbili na 300 kwa tano zilizobaki, jumla 2,500. Gharama ya mwisho ni 4,155, na kifungu kinaelekea kuzidi kwa 555. Wastani usingeliona hilo.

Kusoma jumla na kuamua

Chini ya ukurasa sasa kuna picha nzima. Sanaa imezidi kwa 600, muda wa ziada kwa 555 na chakula kwa 156. Kifungu cha maeneo ya kupigia picha kilikuwa na akiba ya 640 kwa sababu eneo moja lilifutwa, na baada ya zile 240 za jana kimebaki na akiba ya 400. Vifungu vingine viko ndani ya bajeti. Jumla halisi ni kuzidi kwa 911, na fungu la dharura la 9,000 likiubeba mzigo huo litabaki na 8,089.

Uamuzi wa kugusa fungu la dharura si wa mhasibu. Kazi yake ni kumpelekea mzalishaji ripoti akiwa na njia mbili au tatu zilizokwisha kuhesabiwa. Katika mfano huu wodi ya siku ya 9 inaweza kupigwa kwa vitanda vitatu badala ya sita, au mandhari moja ya nje ya usiku inaweza kuhamishiwa ndani. Mambo hayo yanawezekana leo, siku ya 6. Siku ya 10 yasingewezekana, na hiyo ndiyo sababu makadirio ya kumalizia huulizwa upya mara kwa mara badala ya kuachwa kama yalivyoandikwa siku ya kwanza.

Kuhusu mara ngapi: gharama za siku zihesabiwe kila usiku, bahasha za masurufu zikaguliwe kila jioni kwa idara zinazonunua sana na angalau mara mbili kwa wiki kwa zile nyingine, na ripoti kamili ya gharama itolewe mara moja kwa wiki. Kwa filamu ya siku 12 mimi huitoa baada ya kila siku tatu, kwa kuwa wiki nzima ni zaidi ya nusu ya kazi. Ripoti iandikwe tarehe ya mwisho wa kumbukumbu zilizomo, na karatasi zote zilizofika baada ya tarehe hiyo zisubiri ripoti inayofuata, la sivyo ripoti mbili mfululizo hazitalinganishika.

Siku ya mwisho na wiki inayofuata

Siku mbili kabla ya kumaliza, acha kujaza masurufu upya. Kila mwenye bahasha atumie alichonacho, na siku ya 12 arudishe taslimu na risiti zote ndipo asaini kwamba hadaiwi. Ninapenda hilo lifanyike kabla ya malipo yake ya mwisho kuandaliwa, kwa sababu watu hutawanyika haraka, na risiti ya mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine ni ngumu kuipata.

Amana zilizowekwa kwa wenye nyumba na wenye vifaa zitunzwe kwenye orodha yake peke yake. Amana inayorudishwa si gharama, ila sehemu itakayokatwa kwa uharibifu ni gharama ya kifungu husika siku inapokatwa. Makadirio ya kumalizia ya vifungu vya kupiga picha yashuke hadi sifuri, lakini ahadi zisifutwe kwa sababu tu kamera zimezimwa. Kila ahadi iliyobaki ipigiwe simu, muuzaji aombwe ankara ya mwisho au athibitishe kwa maandishi kwamba hadai kitu, na hapo tu ndipo mstari wake ufungwe.